Saba waliosikia si sawa na mmoja aliyeona

Karibu kila mwezi hapa Mbeya huja mteja na orodha ndefu ya mashahidi, na nikiwauliza mmoja mmoja waliona nini, hujibu kwamba wanajua kwa sababu waliambiwa. Wanaamini kuwa maneno yakisikiwa na watu wengi hugeuka ushahidi. Hayageuki.

Tuseme ng'ombe wawili wameibwa usiku huko Tukuyu, na bibi jirani akawaeleza watu saba kwamba alimtambua kijana fulani akiwatoa zizini. Hao saba wanaweza kuthibitisha jambo moja tu, kwamba bibi alisema hivyo. Kama aliona sawasawa, hawajui. Upande wa utetezi ukitaka kudodosa kama palikuwa na mwanga, alisimama umbali gani, alimtazama kwa muda gani, na kama ana ugomvi wa mpaka na familia ya kijana huyo, hauna wa kumuuliza, kwa kuwa aliyeona hakuapa wala hayupo kizimbani. Ndiyo maana Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 62 cha toleo la 2019, inataka jambo lililoonekana lielezwe na aliyeliona. Aitwe bibi mwenyewe, na wale saba waendelee na migomba yao.

"Lakini wakili, bibi amefariki, na maneno ya marehemu hupokelewa." Hapo ndipo uvumilivu wangu huisha. Kauli ya namna hiyo hupokelewa inapohusu chanzo cha kifo cha msemaji mwenyewe, au tukio lililokileta, katika kesi ambamo kifo hicho kinabishaniwa. Bibi angekatwa panga akamtaja aliyemkata, ingepokelewa, ingawa hata hapo mahakama kwa kawaida hutafuta ushahidi mwingine wa kuiunga mkono kabla ya kumtia mtu hatiani. Huyu alikufa kwa maradhi, na kesi ni ya ng'ombe.

Kilichoweza kusaidia ni maelezo yake ya maandishi. Mtoa maelezo akiwa amekufa, sheria huruhusu yatumike badala yake, mradi aliyatia saini pamoja na tamko kwamba ni ya kweli, upande wa pili umepewa nakala, na haukupinga ndani ya siku 10. Kwa hiyo shahidi mzee apelekwe polisi kuandika maelezo wiki ileile, asingojee mavuno yaishe.

Wengine hudhani kila neno la kuambiwa limekatazwa. La, katika kesi ya kutishia kuua, aliyesikia tishio ni shahidi kamili, kwa kuwa kosa ni maneno yenyewe. Kelele za mtu anayetaja jina la mshambuliaji wakati huohuo anaposhambuliwa nazo hupokelewa, kama sehemu ya tukio. Na mshtakiwa akikiri mbele yako kwa hiari, usimwambie jirani akasimulie mahakamani kwa niaba yako. Nenda wewe uliyemsikia.