Igizo bubu la kazi: maana yake na namna linavyochezwa

Igizo bubu la kazi ni mchezo ambao mtoto mmoja anaonyesha kazi ya mtu fulani kwa mwili wake tu, bila kusema neno, bila kutoa mlio na bila kushika kifaa chochote, huku wenzake wakitafuta ni kazi gani. "Bubu" hapa maana yake ni kwamba mdomo umefungwa. Mikono, miguu, macho na mgongo ndivyo vinavyosema.

Huu ni ndugu wa kitendawili. Kwenye kitendawili anayetega anaficha kitu ndani ya maneno, na hapa anakificha ndani ya vitendo. Ndiyo maana darasani kwangu tunaanza vilevile: mtoto anayesimama mbele ananyoosha mkono juu, maana yake "kitendawili", na wenzake wanajibu "tega!" Kuanzia hapo hakuna sauti tena upande wake. Wakishindwa wanampa mji, kama desturi ilivyo, naye anakwenda Mombasa au Bagamoyo kisha anarudi na jibu. Watoto wa darasa la tatu hawahitaji kufundishwa kanuni hizi. Wengi wamezisikia nyumbani.

Walimu wengi tunapochezesha mara ya kwanza tunaandika majina ya kazi kwenye vikaratasi, tunavitia kwenye kofia, mtoto anavuta kimoja, anaigiza, darasa linapiga kelele "Daktari! Dereva! Polisi!" na anayepatia anapigiwa makofi. Watoto wanafurahi sana. Lakini kipindi kikiisha, wameongeza nini kuhusu daktari? Walikuwa wanajua kwamba kuna daktari, na sasa wanajua kwamba kuna daktari. Mimi nilichezesha hivyo kwa muda mrefu kabla sijabadilisha kanuni moja tu: jina la kazi halitajwi mpaka kitendo kimetajwa kwanza.

Yaani anayetegua haruhusiwi kusema "mvuvi". Lazima aanze na "anavua". Akikubaliwa ndipo anasema jina. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu majina yetu mengi ya wafanyakazi yamebeba kitendo ndani yake. Anayevua ni mvuvi, anayepika ni mpishi, anayejenga ni mjenzi, anayechonga ni mchongaji, anayeandika ni mwandishi. Mtoto akishika kitenzi, jina linakuja lenyewe. Tabu inaanza kwenye majina yaliyoficha kitendo. Daktari anafanya nini? "Anadaktari" haipo. Inabidi mtoto atafute: anapima, anasikiliza kifua, anauliza, anaandika dawa. Rubani naye? Na neno "fundi" ndilo limeficha kuliko yote, kwa sababu fundi bomba, fundi umeme, fundi cherehani na fundi viatu wote ni fundi, na hakuna kitendo hata kimoja kinachowaunganisha. Darasani kwangu "fundi" peke yake si jibu.

Nieleze siku moja ambayo kanuni hii ilijionyesha vizuri. Mtoto mmoja wa kiume, ambaye baba yake ni mwashi, alikuja mbele. Alinyanyua mkono wa kulia hadi usawa wa kichwa, vidole vimebana kitu chembamba kisichoonekana. Akafumba jicho moja. Akaangalia chini, akasubiri. Darasa zima: "Anavua! Mvuvi!" Akatikisa kichwa. Akarudia vilevile, mkono juu, jicho limefumbwa, anasubiri. "Anavua samaki!" wakasisitiza, tena kwa hasira kidogo, kwa sababu kweli ilionekana kama mshipi wa kuvulia.

Nikawauliza swali ambalo nalitumia sana: mnasubiri nini pamoja naye? Mvuvi wa mshipi anasubiri uzi utikisike. Vidole vyake vinasikiliza, na ukivutwa naye anavuta. Huyu mtoto alikuwa anasubiri kinyume chake, yaani uzi uache kutikisika. Msichana mmoja aliyekaa dirishani aliona: "Anangoja kitulie." Kitu gani kitulie? Hakujua jina, ila alikuwa ameshapita nusu ya njia.

Mwigizaji akaongeza kitendo. Aliinama, akachota kitu kwa mkono wa kulia, akakitandaza mbele yake kwa kukigeuza kiganja, akanyanyua kitu kizito kwa mikono miwili mpaka mgongo ukapinda, akakishusha polepole, akakigonga mara mbili juu. Halafu akarudi kwenye ule uzi wake na jicho lake moja. "Anajenga!" Sasa darasa lote lilisema pamoja.

Kile kifaa kinaitwa timazi. Ni uzi wenye kipande cha chuma chini na kibao kidogo juu, na upana wa kibao unalingana na upana wa kile chuma. Mwashi anagusisha kibao na tofali la juu, anaachia chuma kining'inie, kisha anasubiri kitulie. Chuma kikiugusa ukuta chini kwa shida tu, ukuta umesimama wima. Kikikaa mbali na ukuta, tofali za juu zimetokeza nje. Kikiulalia ukuta, za juu zimeingia ndani. Hapo anagonga tofali kwa mpini wa mwiko kabla udongo wa saruji haujakauka, anapima tena. Mtoto yule alijua yote haya. Aliyaeleza kwa sauti alipofunguliwa mdomo, akatuonyesha kwa mlango wa darasa na uzi uliofungwa jiwe. Watoto waliokuwa wanadhani kujenga ni kupanga tofali waliona kwamba nusu ya kazi ni kukagua, na kwamba yule anayechanganya udongo ni saidia fundi, ambaye kwa kawaida hagusi timazi mpaka akomae.

Ndiyo maana nasema jibu lisilo sahihi lina thamani kubwa kuliko lililo sahihi. "Mvuvi" lilituonyesha mahali ambapo kazi mbili zinafanana kwa nje na zinatofautiana kwa ndani. Mwalimu asiharakishe kulipita. Aulize: umejuaje? Umeona nini mpaka ukasema hivyo? Mtoto akijibu "nimeona kashika uzi", unajua amesoma kifaa. Akijibu "nimeona anasubiri", amesoma kazi.

Kifaa ndicho mtego mkubwa wa mchezo huu. Watoto wanapenda kuigiza kitu, si kazi. Fundi cherehani kwao ni miguu inayokanyaga na mkono unaosukuma kitambaa, basi. Sasa nawaomba waonyeshe kilichotokea kabla hajakaa kwenye cherehani. Kimya. Taratibu wanakumbuka: alinipima kwa futi, akaandika namba, akachora kwa chaki, akakata. Kwa mafundi wengi kukata ndiko kazi ya mwenyewe, na mwanafunzi wa ufundi anaachiwa kushona mapema zaidi, kwa sababu mshono mbaya unafumuliwa lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kimeharibika. Polisi naye kwao ni kukimbiza na kupiga. Nikiuliza polisi anafanya nini mtu akienda kituoni kusema kaibiwa simu, mtoto aliyewahi kwenda na mama yake anakaa, anauliza kwa macho, anaandika, anaandika, anaandika.

Hapo tunafika kwenye kazi zinazosumbua kweli: zile za kukaa mezani. Mhasibu, mwandishi, hakimu, anayetengeneza programu za kompyuta, wote wakiigizwa na mtoto mmoja wanakuwa mtu aliyekaa anachezesha vidole. Hakuna wa kutegua hilo, na si kosa la mtoto. Dawa yake ni kuongeza mtu wa pili, yule anayehudumiwa. Kazi nyingi za mezani zinaonekana pale tu mwenye shida anapoingia.

Mfano niupendao ni mfamasia. Peke yake, anashusha kitu kutoka kwenye rafu, na watoto wanasema "anauza duka". Akiongezwa mgonjwa, mambo yanabadilika. Mgonjwa anatoa karatasi. Mfamasia anaisoma, anakunja uso, anamnyooshea mgonjwa kidole tumboni kuuliza kitu, anatazama tena karatasi. Anahesabu vidonge kwa kuvisogeza kimoja kimoja juu ya meza. Anaandika kwenye bahasha. Kisha anaonyesha kidole kimoja, halafu vitatu. Karibu kila mtoto aliyewahi kuugua anaijua hiyo, 1×3, kidonge kimoja kutwa mara tatu. Hapo ndipo swali linapokuja lenyewe: kwa nini alisoma karatasi mara mbili? Muuza duka hasomi hivyo. Kazi za kompyuta bado ni ngumu hata wakiwa wawili, na nyingine naziacha kabisa, nazieleza kwa mdomo siku nyingine.

Jambo jingine la kuangalia ni nani anaigiza. Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanamume kwenye kitenzi. "Anapima" ni yeyote. Lakini macho ya watoto yanatofautisha. Vitendo vilevile, kusikiliza kifua na kushika mkono wa mgonjwa, vikifanywa na mvulana wanasema "daktari", vikifanywa na msichana nimesikia "nesi" mara nyingi kuliko ninavyopenda. Siwahutubii. Nawataka wote wawili waigize mfululizo, kisha nauliza tena, umeona kitendo gani tofauti? Wanatafuta, hawakioni, na wao wenyewe wanaanza kubishana. Ubishi huo nauacha uendelee.

Kwa upande wa mpangilio hakuna mengi. Darasa la watoto 60 halichezi pamoja. Vikundi vya 6 vinatosha, kila mtoto dakika moja ya kuigiza, majibu matatu, kisha mji. Kwa kipindi cha dakika 40 kila mmoja anapata zamu na muda wa maswali unabaki. Wasiojua kusoma vikaratasi walikuwa wananong'onezwa kazi sikioni. Na vikaratasi nimeviacha. Sasa kila mtoto anapewa siku mbili au tatu za kwenda kumtazama mtu mmoja anayefanya kazi karibu na kwao, arudi na kitendo kimoja ambacho anaamini sisi hatukijui.

Wiki moja msichana mmoja alikuja, akakaa chini, akanyoosha uzi usioonekana kati ya mikono yake. Kisha akaupitisha juu ya kitu kidogo alichokibana kiganjani, akavuta, akarudia, akavuta tena. Anashona? Hapana. Anasuka? Hapana. Anatengeneza shanga? Hapana. Majibu matatu yakaisha, wakampa Tanga.

"Nilikwenda Tanga, nikala na watu wa Tanga," alisema, "nikarudi nikakuta fundi viatu anapaka uzi nta, usioze na maji."