Kukadiria Rangi ya Chumba kwa Picha za Kuta: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Siku hizi ni jambo la kawaida kwa mtu anayefanya kazi Tabora, huku nyumba yake ikijengwa Ujiji au Mwandiga, kutumiwa picha za kuta kwa simu zikifuatana na ujumbe mfupi wa fundi: "Bosi, lipu imekauka, tuma hela ya rangi." Picha hizo zinatosha kabisa kumpa mwenye nyumba makadirio yake mwenyewe kabla ya kutuma fedha, mradi ajue makosa makubwa yanaingilia wapi. Watu wengi hubishana kuhusu madirisha, yatolewe kwenye hesabu au yasitolewe, ilhali hasara kubwa zaidi hutokana na kipimo kilichosomwa vibaya ndani ya picha na mikono ya rangi iliyohesabiwa pungufu.

Tuchukue chumba kimoja cha kulala huko Ujiji, kilichojengwa kwa tofali za kuchoma na kupigwa lipu mpya, chenye mlango mmoja na madirisha mawili.

Dhana: Picha yoyote inayoonyesha ukuta mzima inafaa kupimia.

Picha haina mita ndani yake; ina uwiano tu. Ukijua urefu halisi wa kitu kimoja kilicho ukutani, unaweza kupata urefu wa vitu vingine vyote vilivyo kwenye ukuta huohuo, lakini kwa sharti kwamba picha imepigwa kwa kuukabili ukuta uso kwa uso. Fundi akisimama pembeni mwa chumba na kupiga picha ya mshazari, sehemu ya ukuta iliyo karibu naye itaonekana kubwa na ya mbali itaonekana ndogo, kwa hiyo mita moja ya kushoto haitalingana na mita moja ya kulia, na kipimo kimoja hakiwezi kuzitumikia zote mbili.

Kuna njia rahisi ya kutambua picha iliyopinda bila kumuuliza aliyeipiga. Weka rula juu ya kioo cha simu, upime kimo cha ukuta kwenye kona ya kushoto, kisha kwenye kona ya kulia. Vimo hivyo viwili ni sawa katika chumba halisi. Vikitofautiana kwa milimita kadhaa kwenye picha, omba picha nyingine. Upana wa ukuta juu na chini nao upimwe hivyo hivyo, maana tofauti yake huonyesha kwamba simu iliinamishwa. Chumba kikiwa kidogo kiasi kwamba ukuta hauingii wote, ni heri zipigwe picha mbili, kila moja ikiwa na kipimo chake, kuliko kutumia lenzi pana ya simu ambayo hukunja kingo, au picha ya kuzungusha simu ambayo huvuta ukuta isivyo sawa.

Wapo pia wanaohofia kwamba picha iliyotumwa kwa WhatsApp imeharibika vipimo kwa sababu imepunguzwa ukubwa. Hofu hiyo haina msingi: picha hupoteza ukali, si uwiano.

Dhana: Mtu akisimama mbele ya ukuta, urefu wake unatosha kuwa kipimo.

Hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibikia. Kitu kilicho karibu na simu huonekana kikubwa kuliko kilivyo, na mtu hawezi kuwa ndani ya ukuta; husimama mbele yake. Tuseme simu iko mita 3.2 kutoka ukutani na kijana aliyeombwa kusimama ameuacha ukuta kwa sentimita 40. Yeye yuko mita 2.8 kutoka kwenye simu, kwa hiyo ukuta unaopimwa kwa kutumia kimo chake utaonekana mfupi kwa asilimia 12.5. Mtu atasema hilo ni kosa dogo, lakini eneo ni urefu mara kimo, na kosa linaingia mara mbili. Mita za mraba zinapungua kwa karibu asilimia 23, yaani karibu robo ya rangi inakosekana kabla hata dirisha moja halijatajwa.

Kipimo kinachofaa ni kile kilichobandikwa ukutani penyewe. Mlango unaweza kusaidia, kwa kuwa fremu nyingi zina kimo cha takriban mita 2.1, ila nyumba za zamani zina milango ya kila namna, na kwa hiyo haifai kudhani. Mwombe fundi abandike vipande viwili vya selotepu vyenye umbali wa mita 2 kamili kati yao, kisha apige picha. Karatasi ya A4 yenye urefu wa sentimita 29.7 nayo hutumika, lakini ni ndogo mno kwa ukuta wa mita 4: ukikosea milimita moja tu unapoisoma kwenye kioo, kosa hilo hurudiwa zaidi ya mara kumi na tatu hadi mwisho wa ukuta.

Katika chumba chetu, umbali wa mita 2 kati ya selotepu ulisomeka sentimita 4 kwenye kioo cha simu. Kila sentimita ya kioo ni nusu mita ya ukuta. Ukuta mrefu ulikuwa na sentimita 8, mfupi sentimita 7 na kimo sentimita 5.6, picha zote zikiwa zimekuzwa kwa kiwango hicho kimoja. Chumba basi kina mita 4 kwa mita 3.5, na kimo cha mita 2.8. Kuta zote nne zina mzunguko wa mita 15, na 15 mara 2.8 ni mita za mraba 42.

Dhana: Toa milango na madirisha yote, kinachobaki ndicho kinachopakwa.

Kutoa ni sahihi, lakini hesabu haiishii hapo. Mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 unachukua mita za mraba 1.89. Madirisha mawili, kila moja mita 1.5 kwa 1.2, yanachukua 3.6. Jumla ya kutoa ni takriban 5.5, na kinachobaki ni 36.5. Hata hivyo dirisha si tundu lililochorwa kwenye karatasi. Ukuta wa tofali za kuchoma una unene, na fremu ya dirisha ikikaa upande wa nje, ndani hubaki mbavu zilizopigwa lipu: juu, chini na pande zote mbili. Nazo hupakwa rangi. Zikiwa na kina cha sentimita 15, dirisha lenye mzunguko wa mita 5.4 linarudisha mita za mraba 0.81, na madirisha mawili yanarudisha 1.6. Eneo letu halisi ni mita za mraba 38.

Picha ya kuukabili ukuta uso kwa uso haionyeshi kina hicho vizuri, kwa hiyo ni kipimo cha kumwomba fundi akitaje. Mapazia nayo yafunguliwe kabla ya kupiga picha, kwani pazia pana limewafanya wengi watoe dirisha kubwa kuliko lililopo.

Dhana: Kopo limeandika mita 12 kwa lita, basi gawanya kwa 12.

Takwimu ya kwenye kopo ni ya mkono mmoja juu ya ukuta laini uliokwisha kuzibwa vinyweleo. Lita moja ikitandazwa kwenye mita za mraba 10 hutoa utando mbichi wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukuta wenye lipu ya mchanga una mabonde yanayozidi kina hicho, na juu ya hayo saruji mpya hunywa maji ya rangi. Ndiyo sababu lita moja juu ya lipu isiyopigwa skimu huishia mita za mraba 7 hivi kwa mkono wa kwanza, na mkono unaofuata, ukuta ukiwa umeshiba, hufika 10.

Mwenye kukokotoa kwa haraka angesema: mita 42, mikono miwili, gawa kwa 12, ni lita 7, galoni mbili za lita 4 zinatosha na chenji inabaki. Sasa tufuate kazi inavyofanyika. Lipu mpya inahitaji praima kwanza, na praima ni mkono unaojitegemea: 38 gawa kwa 7 ni lita 5.4, na ukiongeza asilimia kumi ya kile kinachobaki kwenye rola, trei na matone ya sakafuni, unafika lita 6. Juu yake rangi ya maji mikono miwili: 38 mara 2 gawa kwa 10 ni lita 7.6, na kwa nyongeza ileile unafika 8.4. Kwa hiyo galoni mbili za rangi zinakaribia kutosha kwa kubahatisha tu, huku ikikosekana karibu nusu lita na praima yote. Akiiruka praima, mkono wa kwanza wa rangi ya bei ghali ndio utakaonyweshwa ukuta, na fundi atapiga simu kuomba galoni nyingine.

Idadi ya mikono nayo si sheria. Krimu juu ya krimu iliyofifia mara nyingi humalizwa kwa miwili. Rangi nyekundu au njano iliyokolea juu ya ukuta mweupe inaweza kudai wa tatu, ambao kwa chumba hiki ni lita 4 zaidi.

Dhana: Rangi ikipungua, maji huiongeza.

Maji huongeza ujazo wa ndoo, si kiasi cha rangi kinachobaki ukutani yakishakauka. Maji kidogo kwa kadiri ya maelezo ya kopo husaidia mkono wa kwanza kuingia. Yakizidi, utando unakuwa mwembamba, madoa ya lipu yanachungulia, na mkono mwingine unahitajika. Dalili yake ni rangi inayotiririka kwenye rola na kuacha michirizi ukutani.

Dhana: Chumba kimoja, hesabu moja.

Nyumba nyingi zetu hupakwa kanda ya rangi ya mafuta sehemu ya chini ili udongo mwekundu na mikono ya watoto vifutike. Kanda ya mita 1 ikiwekwa hapa, inachukua mita 15 za mzunguko ukiondoa 0.9 ya mlango, yaani mita za mraba 14.1, na madirisha hayaguswi kwa kuwa yanaanzia juu yake. Rangi ya maji inabaki na mita za mraba 24 tu: mikono miwili ni lita 5.3 pamoja na nyongeza, badala ya 8.4. Rangi ya mafuta, kwa mita 12 kwa lita juu ya ukuta uliopigwa praima, mikono miwili ni lita 2.6 pamoja na nyongeza, ambayo galoni moja inaitosheleza. Kama rangi ya maji inachanganywa dukani kwa mashine, zichukuliwe galoni moja na makopo mawili ya lita moja kwa mchanganyo uleule, kisha fundi azimimine zote kwenye ndoo moja na kuzikoroga kabla ya kuanza, kwa sababu lita inayoletwa wiki ijayo huweza kutofautiana kidogo na kuonekana katikati ya ukuta.