Taa imewaka, ukikanyaga mafuta gari halitoki

Je, kwa nini taa ya dashibodi ikiwaka gari linapoteza nguvu ghafla, nikikanyaga mafuta hadi mwisho linatambaa tu, lakini injini haizimi?

Kwa sababu kompyuta ya injini haina tena uhakika na taarifa za pedali au za throto, hivyo imebana nguvu kwa makusudi. Magari ya siku hizi hayana waya wa mafuta unaovuta throto. Pedali hutuma umeme kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamuru mota ndogo izungushe kisahani cha throto kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini. Pedali ina sensa mbili na throto ina mbili, ili moja ichunge nyingine.

Sensa mbili za throto zikipingana, Toyota nyingi hukata umeme wa mota. Springi hurudisha kisahani, lakini hakifungi kabisa: hubaki wazi kama nyuzi 6 au 7. Hewa hiyo inatosha injini isizime. Ukikanyaga mafuta, kisahani hakisogei tena; kompyuta hukuongezea nguvu kidogo kwa kukatakata mafuta kwenye nozeli na kubadilisha muda wa plagi kuwaka. Ndiyo maana gari linashtukashtuka na mlima linaupanda kwa shida. Breki na usukani vinafanya kazi, kwa hiyo washa taa za tahadhari, kaa kushoto, tafuta pa kuegesha. Usilipite lori katika hali hiyo. Sensa zote mbili za pedali zikifa, ni mbaya zaidi: injini inanguruma tu kana kwamba hujakanyaga kitu.

Kwenye Toyota utaona taa ya injini. Jeep na Dodge zina alama ya radi katikati ya mabano, na Chevrolet huandika "Engine Power Is Reduced".

Tuseme kipimo cha fundi kimeleta namba ya hitilafu P2135, yaani sensa mbili za throto hazikubaliani. Wengi hukimbilia kununua throto. Mwambie fundi kwanza asome volti, swichi ikiwa on na injini imezimwa, huku wewe ukikanyaga pedali taratibu. Kwenye magari ambayo sensa moja hupanda na nyingine hushuka, jumla hukaribia volti 5 muda wote: 1 na 4, kisha 2 na 3. Ukiona 2 na 2.2, kuna tatizo. Kabla ya kulaumu throto, atikise soketi na nyaya zake akiangalia namba. Zikiruka kila anapotikisa, kasoro iko kwenye waya au pini iliyolegea. Namba zikitulia akitikisa, lakini zikaruka kila pedali inapopita sehemu ileile, sensa imelika, na hapo throto mpya ni haki yake.

Kuzima na kuwasha mara nyingine hurudisha nguvu, maana kompyuta huanza ukaguzi upya. Pini iliyolegea bado imelegea.