Kichefuchefu cha uhalisia pepe hakitibiwi kwa kukaza

"Ukisikia kichefuchefu ndani ya gemu, kaza tu, mwili utazoea."

Mwili huzoea kweli, ila kwa vipindi vifupi vinavyokatishwa mapema. Anayekaza anaweza kubaki na kizunguzungu kwa saa kadhaa, na baadaye akachafukwa kwa kuiona miwani ya uhalisia pepe tu. Ivue mara unapoanza kutoka jasho jembamba, kujaa mate au kupiga miayo bila usingizi.

Ukisukuma mbele kijiti cha kidhibiti cha mkononi, macho yanaona sakafu ikipita, huku viungo vya mizani ndani ya sikio vikisema umesimama tuli. Mgongano huo ndio unaochefua. Mwendo wa kuruka huuondoa: unaelekeza alama pale unapotaka kwenda, unaachia kitufe, picha inafifia kidogo, umefika. Macho hayakuona safari yoyote. Hasara yake ni kwamba ni rahisi kupotewa na mwelekeo.

Ukitaka kutembea kwa kijiti, washa kivuli cha pembeni. Kingo za picha hutiwa giza unaposogea tu, kwa kuwa pembe za macho ndizo zinazonasa sana hisia ya mwendo. Anza na kivuli kizito, na ugeuke kwa mikato ya nyuzi 30 au 45 badala ya kuzunguka taratibu.

Lakini jipime kwanza: simama, usiguse kijiti, geuza kichwa. Picha ikichelewa au ikikwamakwama na tumbo likavurugika, tatizo ni kasi ya picha. Hapo punguza ubora wa michoro, kivuli hakitakusaidia.