Mahindi ya Makueni, 2004: dhana potofu kuhusu ripoti ya mlipuko

Kufikia Mei 2004, hospitali za wilaya za Makueni na Kitui, mashariki mwa Kenya, zilikuwa zikipokea wagonjwa wengi kupita kawaida. Macho yao yalikuwa ya manjano, tumbo linauma, wanatapika, na baadhi yao tumbo na miguu vimevimba. Hadi tarehe 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Kilichowaua ni sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi. Nimeichagua ripoti ya uchunguzi wa mlipuko huo kwa sababu karibu kila sehemu yake, kuanzia fasili ya kisa, yaani kanuni ya kuamua nani ahesabiwe kuwa mgonjwa, hadi hatua za kudhibiti, ndiyo watu wanayoielewa vibaya mlipuko mwingine unapotangazwa.

"Wameugua watu wa nyumba moja, basi ugonjwa unaambukiza."

Watu wa nyumba moja hulala pamoja, ni kweli, lakini pia hula kwenye sufuria moja na kuchota gunia moja. Kwa hiyo wagonjwa kurundikana nyumbani hakutoshi kuamua lolote. Timu ya afya huangalia nani anafuata kuugua. Ugonjwa wa kuambukiza huonekana kuhama: anaugua mmoja, siku kadhaa baadaye anaugua aliyemuuguza, kisha jirani aliyekuja kumjulia hali. Sumu ya chakula haimfuati muuguzi. Inamfuata mlaji, na anayekula gunia jingine hubaki mzima hata kama alimwosha mgonjwa kwa mikono yake.

Macho ya manjano nayo huwapeleka wengi kwenye homa ya manjano au homa ya ini. Hizo lazima zichunguzwe kwanza, maana ini likiharibika, chochote kilicholiharibu, macho hugeuka rangi ileile.

"Asiyepimwa akaonekana na sumu hawezi kuitwa mgonjwa."

Hapa ndipo fasili ya kisa inapoingia, na ndiyo sehemu ya ripoti ambayo wasomaji wengi huiruka. Fasili hujibu mambo matatu: dalili gani, mahali gani, kuanzia lini. Mwaka 2004 dalili ya msingi ilikuwa umanjano wa ghafla usiojulikana chanzo. Haikusubiri maabara, kwa sababu kipimo cha sumukuvu kwenye damu hakikupatikana katika hospitali ya wilaya, na mgonjwa wa ini hawezi kungoja.

Angalia pia kile kisichopaswa kuwemo. Fasili haisemi "aliyekula mahindi mabovu". Ukiyatia mahindi ndani ya fasili, kila mgonjwa utakayemhesabu atakuwa amekula mahindi, halafu mwishoni utatangaza kwamba umegundua mahindi ndiyo chanzo. Umezunguka na kurudi ulipoanzia. Kosa hili bado hutokea, hasa pale afisa anapokuwa tayari na dhana yake kabla hajafika kijijini.

Fasili pana namna hiyo ina gharama yake: itabeba wachache wenye ini bovu kwa sababu nyingine. Itawaacha pia waliokula sumu kidogo wasigeuke manjano. Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba watu 4 kati ya kila 10 waliokula mahindi yale walikufa. Waliokufa ni karibu 4 kati ya kila 10 waliohesabiwa, na waliohesabiwa ni wale walioonekana wameugua.

"Idadi imepanda wiki hii, basi hali imekuwa mbaya wiki hii."

Si lazima. Ratiba ya mlipuko hupangwa kwa siku ambayo dalili zilianza, si siku ambayo taarifa ilifika ofisini. Wauguzi wakishajua cha kutafuta, madaftari ya wagonjwa hupekuliwa upya na visa vya nyuma hujitokeza. Mlipuko wa 2004 uliripotiwa kitaifa mwezi Mei, lakini visa vyake vilianza Januari.

"Wagonjwa wote walikula mahindi, kwa hiyo jibu limepatikana."

Ukambani, eneo zilipo Makueni na Kitui, ugali, githeri na muthokoi vyote vinatoka kwenye mahindi. Ukiwauliza wagonjwa kama walikula mahindi, wote watasema ndiyo. Wazima nao watasema ndiyo. Swali la namna hiyo halitenganishi mtu na mtu.

Wachunguzi walifanya ulinganisho. Walichukua wagonjwa 40, na kwa kila mmoja wakatafuta watu wawili wazima wa kijiji kilekile, jumla 80. Wakawauliza mahindi yalitoka wapi, yalivunwa vipi, yalihifadhiwa wapi, kisha wakachukua sampuli za mahindi ya nyumbani na damu. Hapo tofauti ikajitokeza. Wagonjwa walikuwa wamekula zaidi mahindi ya shamba lao wenyewe, na mara nyingi zaidi mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani. Mvua zisizo za msimu zilikuwa zimeyakuta mahindi wakati wa mavuno, na baada ya ukame hakuna aliyetaka kuacha chakula nje kiibwe.

Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sumu wa mikrogramu 354.5 kwa kilo. Ya nyumba za wazima yalikuwa na 44.1. Wengi husoma namba hizo mbili wakaridhika kwamba chanzo kimeonekana, na kweli kimeonekana. Lakini kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati huo kilikuwa 20. Wale tuliowaita wazima nao walikuwa wanakula mahindi yaliyozidi mara mbili ya kiwango hicho. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba nzito kuliko zote katika ripoti.

"Tukichemsha sana, sumu inakufa."

Ukungu ndio unaokufa. Sumu hubaki, maana inahimili moto kupita ule wa jikoni. Kuchambua punje zilizooza na kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza sumu, kwani nyingi hukaa kwenye ganda na kwenye punje zilizoharibika, ila hakuiondoi yote. Na punje safi machoni inaweza kuwa nayo.

Kwa hiyo hatua ya kudhibiti ilikuwa kuyaondoa mahindi yenyewe na kupeleka mengine badala yake. Hizo ni hatua mbili ambazo haziwezi kutengana. Ukimwambia mtu amwage gunia lake la mwisho bila kumletea jingine, atalificha chini ya kitanda, na mtoto atakula usiku. Serikali iligawa chakula katika wilaya zilizoathirika zaidi, na mahindi sokoni yakakaguliwa.

Hata hivyo visa vilirudi eneo hilohilo mwaka 2005 na 2006. Mahindi mabovu yanaweza kuondolewa mwaka huu, lakini mavuno yajayo yatalowa tena. Mahindi yanatakiwa yakauke hadi unyevu wa takriban asilimia 13, na mkulima asiye na mashine ana njia ya chumvi: chupa ya kioo iliyo kavu, mahindi kidogo, chumvi kavu, tikisa kwa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji na yarudi juani, juu ya turubai, si kwenye udongo mtupu.