Umbo la tundu halisemi kasi: dhana potofu kuhusu USB na kebo zake

Mpiga picha za harusi amerudi na gigabaiti 120 za video kwenye diski ya nje ya SSD. Kompyuta yake ni mpya, diski ni mpya, na zote mbili zina tundu la Taipu-C lenye uwezo wa gigabiti 10 kwa sekunde. Anachukua kebo ya chaja ya simu iliyo karibu, anaunganisha, anaanza kunakili, na kompyuta inamwambia asubiri dakika 50. Akibadilisha kebo peke yake, bila kugusa kitu kingine, kazi ileile inaisha kwa dakika mbili na ushei. Hakuna kifaa kilichoharibika hapo. Tofauti yote imo ndani ya kebo, na wengi huitafuta kwingine kwa sababu ya mambo wanayoyaamini kuhusu USB ambayo si kweli.

Dhana: Taipu-C ndiyo USB ya kasi

Taipu-C ni jina la umbo la plagi na tundu lake, basi. Lilitoka mwaka 2014, lina pini 24, na unaweza kulichomeka upande wowote. Kasi ni jambo jingine kabisa. Ndani ya umbo hilohilo inaweza kupita USB 2.0, ambayo ni ya mwaka 2000 na mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, na inaweza kupita USB4 inayofika gigabiti 40 au hata 80. Ukiyatazama matundu hayo mawili kwa macho, hutaona tofauti yoyote.

Mfano unaojulikana ni simu za iPhone za mwaka 2023. iPhone 15 na iPhone 15 Pro zote zina tundu la Taipu-C. Ya kwanza inahamisha data kwa kasi ya USB 2.0, ile ya Pro inafika gigabiti 10 kwa sekunde. Na hata aliyenunua Pro, kebo anayoikuta ndani ya boksi ni ya USB 2.0, kwa hiyo kasi hiyo hataiona mpaka anunue kebo nyingine.

Kinyume chake nacho ni kweli. Tundu pana la zamani, Taipu-A, linaweza kubeba gigabiti 10 kwa sekunde. Kebo nzuri ya kutoka A kwenda C inaweza kuiacha mbali kebo ya C kwa C iliyokuja na chaja. Rangi ya bluu ndani ya tundu la Taipu-A ni dokezo zuri kwamba hapo kuna USB 3, lakini watengenezaji hawalazimishwi kuitumia; wapo wanaoweka nyeusi, nyekundu au rangi ya kampuni yao.

Dhana: Namba kubwa kwenye boksi ina maana ya kasi kubwa

Hapa lawama si ya mnunuzi. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008 na gigabiti zake 5 kwa sekunde. Ilipokuja USB 3.1 mwaka 2013, kasi ile ya 5 ikapewa jina jipya, USB 3.1 Gen 1. Ilipokuja USB 3.2 mwaka 2017, ikabadilishwa tena ikawa USB 3.2 Gen 1. Kwa hiyo majina matatu yote yanataja kitu kimoja, na boksi lililoandikwa 3.2 linaweza kuwa na kasi ya mwaka 2008. USB 3.2 Gen 2 ndiyo ya gigabiti 10, na Gen 2x2 ni ya gigabiti 20.

Dawa ni kuacha namba ya toleo na kutafuta kasi yenyewe. Tangu mwaka 2022 shirika linalosimamia viwango hivi, USB-IF, linawataka watengenezaji waandike kasi waziwazi: 5Gbps, 10Gbps, 20Gbps, 40Gbps. Boksi lisilo na namba ya namna hiyo lichukulie kuwa ni la USB 2.0 mpaka likuthibitishie vingine.

Kumbuka pia kwamba hizo ni gigabiti, ilhali kompyuta inaponakili huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane, lakini sehemu ya biti zinazopita kwenye kebo ni za kuongoza mawasiliano, si za faili lako. Hesabu ya haraka ni kugawanya kwa kumi: gigabiti 5 hutoa megabaiti 500 kwa sekunde juu kabisa, na kwa kawaida utaona 400 hadi 450. USB 2.0 ina upotevu mkubwa zaidi, hivyo ile 480 yake kwa kawaida huishia kati ya megabaiti 35 na 40. Gigabaiti 120 kwa megabaiti 40 kila sekunde ni sekunde 3,000, na hizo ndizo dakika 50 za mpiga picha wetu.

Dhana: Kebo inayochaji haraka huhamisha data haraka

Dhana hii ndiyo inayowapotosha watu wengi kuliko zote. Kebo nene, iliyosukwa kwa nailoni, iliyoandikwa 100W au hata 240W, mtu ataachaje kuiamini? Lakini kuchaji na kuhamisha data hutumia nyaya tofauti ndani ya kebo moja.

USB 2.0 inahitaji nyaya nne tu: mbili za umeme na mbili za data. Kwenye kebo ya C kwa C unaongezeka waya mwembamba ambao chaja na kifaa hutumia kuelewana juu ya umeme. Hizo zinatosha kuchaji kwa nguvu zote, mradi nyaya za umeme ziwe nene na, kwa zaidi ya wati 60, kebo iwe na chipu ndogo ya kuitambulisha. Kasi ya USB 3 haipiti kwenye zile nyaya mbili za data. Inadai jozi zake yenyewe, kila jozi ikiwa na waya miwili inayosafiri pamoja, jozi moja ikipeleka na nyingine ikipokea. Jozi hizo zinahitaji kinga ya karatasi ya bati, na ulinganifu wa hali ya juu kutoka ncha hadi ncha. Zinagharimu, na zinaifanya kebo kuwa ngumu kukunjika. Mtengenezaji wa kebo ya kuchajia huziacha, na hajamdanganya mtu, kwa kuwa kebo yake ni ya kuchajia. Apple yenyewe inauza kebo ya wati 240 ambayo data yake ni ya USB 2.0.

Chini zaidi ya hapo kuna kebo zenye nyaya mbili za umeme peke yake. Ukiichomeka simu kwa kebo hiyo itachaji, lakini kompyuta haitajua kabisa kwamba kuna simu. Watu wengi wamehangaika na mipangilio ya simu na kuweka programu upya kwa tatizo ambalo ni waya ambao haumo. Ndiyo maana dukani, iwe Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, swali la kuuliza si kama kebo inachaji haraka. Uliza inahamisha data kwa kasi gani, na uombe kuiona imeandikwa.

Dhana: Kebo hafifu hupunguza kasi kidogo tu

Kasi ya USB haishuki taratibu. Inashuka kwa ngazi. Unapounganisha diski, pande mbili hujaribiana kwenye zile jozi za kasi. Zikielewana, mnafanya kazi kwa gigabiti 5 au 10. Zikishindwa, vifaa vinarudi kwenye nyaya mbili za data za zamani na kufanya kazi kama USB 2.0, mara nyingi bila kukuambia lolote. Kati ya megabaiti 450 na megabaiti 40 hakuna kituo cha kupumzikia.

Sababu ya kushindwa ni kwamba mawimbi ya kasi kubwa hudhoofika upesi ndani ya waya. Mawimbi ya gigabiti 5 yana mtetemo wa gigahezi 2.5, na kadiri mtetemo unavyopanda ndivyo waya mwembamba au mrefu unavyoyafyonza. Ndiyo maana kebo ya kawaida ya Taipu-C, isiyo na chipu za kuyakuza mawimbi, inapendekezwa isizidi takriban mita 2 kwa gigabiti 5, mita 1 kwa gigabiti 10, na sentimita 80 kwa gigabiti 40. Kuna pia mahali padogo ambapo kebo nyingi huharibikia: ndani ya plagi, pale jozi inapofunguliwa ili ichomelewe kwenye pini. Fundi au mashine ikiifungua zaidi ya inavyohitajika, au kinga isipofika mwisho, makosa huanzia hapo hata kama kebo nzima ni nzuri.

Kinga mbovu ina dalili moja ya ajabu ambayo inafaa kuijua. Mtetemo wa USB 3 unagusa masafa ya gigahezi 2.4, yanayotumiwa na Wi-Fi na mausi zisizo na waya. Ukichomeka diski na mausi yako ikaanza kukwama, itazame kebo au plagi ya diski hiyo kwanza, kabla ya betri ya mausi.

Dhana: Kunakili kukiwa polepole, kosa ni la kebo

Si kila mara, na mwendo wenyewe wa kunakili hukuambia. Kasi ikitulia kwenye megabaiti 35 hadi 40 tangu mwanzo hadi mwisho, mnafanya kazi kwa USB 2.0, na kebo ni mshukiwa wa kwanza. Ikianza kwenye mamia kisha ikaporomoka hadi 20 baada ya gigabaiti kadhaa, kebo haina hatia: flashi au SSD imejaza ile sehemu yake ndogo ya kuandikia haraka. Diski ya kuzunguka ya kubebeka, nayo, mara nyingi huishia kati ya megabaiti 100 na 140 hata ukiipa kebo bora duniani. Na ikienda kwa kasi nzuri, ikakatika, ikarudi tena, hapo kebo ina nyaya zote lakini hazifanyi kazi vizuri.

Ili kuhakikisha, iulize kompyuta yenyewe. Kwenye Mac fungua System Information, sehemu ya USB, utazame mstari wa Speed. Kwenye Linux andika:

```
lsusb -t
```

Mwishoni mwa mstari wa diski yako utaona 480M, 5000M au 10000M. Mpiga picha wetu aliona 480M kwa kebo ya chaja. Kwa kebo fupi iliyokuja na diski aliona 10000M, na kunakili kulikwenda kwa megabaiti 900 hivi kila sekunde. Akajaribu na ya tatu, ndefu ya mita 2, isiyo na maandishi ya kasi. Nayo ilionyesha 10000M, lakini katikati ya kazi diski ilipotea na kurudi, na amri ya `sudo dmesg` ikaonyesha mistari yenye `reset SuperSpeed` mara kwa mara. Kebo ya namna hiyo ni mbaya kuliko ile ya chaja, kwa sababu diski inayokatika katikati ya kuandika inaweza kuacha faili la video halifunguki.

Kabla hujaitupa kebo, ichomoe uichomeke tena kwa haraka na kwa uthabiti, hasa kama ni ya Taipu-A. Kwenye plagi hiyo pini za USB 2.0 hugusa kabla ya pini za USB 3, na ukiiingiza polepole kompyuta inaweza kuitambua diski kwa zile za kwanza na kubaki hapo kwenye 480M.