Sauti Iliyo Kati ya Vibao Viwili vya Piano

Msikilize msomaji wa Kurani anapoanza kwa Bayati, mojawapo ya maqamu, yaani mifumo ya sauti ya muziki wa Kiarabu, halafu ukae kwenye piano ujaribu kumfuatisha. Sauti ya kwanza utaipata. Ya pili hutaipata, hata ukitafuta mpaka kesho, kwa sababu haimo kwenye piano.

Piano imegawa oktava hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua ni nusu toni. Wapimaji wa sauti huikata nusu toni vipande 100 wanavyoviita senti, basi toni nzima ni senti 200 na robo toni ni 50. Jina hili la robo toni limewapotosha wengi. Mtu akilisikia hudhani waimbaji wa maqamu hupanda ngazi kwa vihatua vidogo vidogo vya senti 50. Sivyo. Robo toni ni kipimo cha kuonyesha sauti imesogea kiasi gani kutoka kwenye kibao cha piano. Hatua yenyewe inayoimbwa aghalabu ni robo tatu za toni, yaani senti 150 hivi: kubwa kuliko nusu toni, ndogo kuliko toni nzima.

Tuchukue Bayati inayoanzia Re. Sauti zake nne za mwanzo ni Re, Mi iliyoteremshwa robo toni, Fa na Sol. Kutoka Re kwenda kwenye hiyo Mi ni senti 150, kutoka hapo hadi Fa ni 150 tena, kisha 200 hadi Sol. Mpiga piano ana njia mbili tu. Akibonyeza Mi bemoli, yaani Mi iliyoteremshwa nusu toni, hatua zinakuwa 100, 200, 200, na msikilizaji anayezijua maqamu atasema hii ni Kurdi. Akibonyeza Mi ya kawaida, zinakuwa 200, 100, 200, na hapo ameingia Nahawandi. Kwa hiyo kosa lake halisikiki kama Bayati iliyopigwa vibaya. Linasikika kama maqamu nyingine kabisa. Wapo wanaobonyeza vibao vyote viwili kwa pamoja wakitumaini sikio litapata wastani. Sikio halifanyi hivyo. Mi bemoli ina mitetemo 311 kwa sekunde na Mi 330, na zikilia pamoja hukwaruzana badala ya kuzaa 320 inayotakiwa.

Kwenye udi jambo hili unaliona kwa macho, kwa kuwa shingo yake haina vizuizi vya kuamua kidole kikae wapi. Chukua udi ambao uzi wake una sentimita 60 kutoka mwanzo wa shingo hadi daraja, ukautumia uzi wa Re. Mi bemoli iko sentimita 3.4 kutoka mwanzo wa shingo, Mi iko 6.5, na Mi ya Bayati, kwa hesabu, ni 5.0. Nasema kwa hesabu kwa sababu wapigaji wenyewe hawakai hapo. Mi ya Bayati huwekwa chini kidogo ya ile ya maqamu ya Rasti, ingawa kwenye nota zote mbili huandikwa kwa alama moja. Kuishusha senti 10 ni kurudisha kidole milimita 3 tu, na mwenye sikio anaisikia. Ndiyo maana ule mfumo wa kugawa oktava hatua 24 zilizo sawa, uliobishaniwa sana kwenye Kongamano la Muziki wa Kiarabu huko Kairo mwaka 1932, unafaa kwa kuandika kuliko kwa kupiga.

Kinanda cha umeme kinaweza kusaidia ikiwa kina sehemu ya kubadilisha kipimo cha kila sauti. Teremsha Mi kwa −50, usipandishe Mi bemoli. Sababu yake utaiona wimbo ukihamia Kurdi au Hijazi ya Re: hapo utaihitaji Mi bemoli halisi, nayo itakuwa bado ipo mahali pake. Ukihamisha Bayati ianzie La, sauti ya kuteremsha ni Si, na Mi lazima uirudishe kwenye 0. Wengi husahau hilo la pili, kisha wanamlaumu mpiga fidla kuwa ametoka nje ya sauti.

Jihadhari pia na mkono wa kushoto. Do, Mi na Sol zikipigwa pamoja huku Mi ikiwa imeteremshwa, hazitatoa mlio wa furaha wala wa huzuni. Zitakuwa kama zimekosewa. Acha Mi nje, upige Do na Sol peke yake, au ufuate wimbo oktava moja chini. Akodiani haina hata nafasi hiyo ya kurekebishwa papo hapo, kwani sauti zake zimekwisha kukatwa kwenye vibamba vya chuma ndani yake. Katika taarabu ya Zanzibar, ambako hukaa pamoja na udi, fidla na kanuni, inapofika sauti hiyo ni afadhali inyamaze kidogo na kuwaachia fidla.